Ukanushi Ndani ya Neno Moja: Uhakiki wa Roboti za Ujumbe Mbele ya Kiswahili Kilichochanganywa na Kiingereza

1.0 Utangulizi

Uchanganyaji wa Kiswahili na Kiingereza katika sentensi moja umejadiliwa na wanaisimu kwa miaka mingi. Mjadala huo kwa kawaida ulihusu wasemaji: kwa nini huchanganya, huchanganya wapi, na je, mazoea hayo yanaijenga lugha au yanaibomoa? Siku hizi swali limepata upande mwingine. Zipo roboti za mazungumzo, yaani programu za kompyuta zinazopokea ujumbe wa simu kutoka kwa watu na kuujibu, na programu hizo zinatakiwa kuelewa ujumbe jinsi ulivyoandikwa, si jinsi ambavyo mwalimu wa lugha angetaka uandikwe.

Makala haya yanahakiki namna roboti hizo zinavyosanifiwa. Hoja yake ni moja. Wasanifu wengi huuliza kwanza, "Ujumbe huu ni wa lugha gani?" Swali hilo ni baya, kwa sababu katika ujumbe uliochanganywa mpaka wa lugha mbili haupiti kati ya sentensi na sentensi, wala kati ya neno na neno. Mara nyingi hupita katikati ya neno moja. Na upande wa Kiswahili wa neno hilo, ambao huwa mfupi na rahisi kupuuzwa, ndio unaobeba habari ya nani, lini, na la muhimu zaidi, ndiyo au siyo.

2.0 Mfano wa Kenya

Mfano unaofaa zaidi unatoka Kenya. Shirika la Jacaranda Health linaendesha huduma iitwayo PROMPTS, ambayo huwatumia mama wajawazito na waliojifungua ujumbe mfupi wa simu bila malipo. Mama anaweza pia kuuliza swali, nalo hupokelewa na mfumo unaojaribu kutambua maana yake na uzito wake. Maswali yenye dalili za hatari hutangulizwa ili yashughulikiwe na watu. Mwaka 2023 shirika hilo lilitoa modeli ya lugha inayoitwa UlizaLlama. Modeli hiyo ilijengwa juu ya Llama 2 ya kampuni ya Meta, yenye vigezo bilioni 7, kisha ikaendelea kufundishwa kwa vipande vya matini ya Kiswahili vinavyokaribia milioni 321.

Kazi hiyo inastahili heshima, hasa kwa kuwa binadamu hakuondolewa katika mnyororo. Hata hivyo kipimo chenyewe kinampa mhakiki swali. Modeli ya awali ilijua Kiingereza. Vipande milioni 321 viliifundisha Kiswahili. Idadi hiyo haionyeshi ni vingapi kati ya vipande hivyo vilikuwa na lugha zote mbili zimeshonwa pamoja. Mtu anaweza kuwa na kitambaa kizuri cha rangi mbili na bado asijue kushona. Ujumbe wa mama wa Nairobi au Machakos umejaa mishono, na mahali pa kuijaribu roboti ni pale kwenye mshono.

3.0 Ujumbe mmoja na maneno yake manne

Ujumbe ufuatao umetungwa kwa ajili ya uchambuzi, lakini umefuata namna watu wa mijini Kenya wanavyoandika:

```
Hi doc, niko 32 weeks, mtoto hamove tangu jana, nimetry kunywa maji baridi but sifeel kitu, nikuje saa hii ama niwait clinic ya Friday?
```

Tukiacha tarakimu, ujumbe una maneno 23. Maneno 13 ni ya Kiswahili kitupu, kama "mtoto", "tangu" na "baridi". Maneno sita ni ya Kiingereza kitupu, kama "weeks", "but" na "clinic". Yanabaki manne: "hamove", "nimetry", "sifeel" na "niwait". Haya si ya Kiswahili wala si ya Kiingereza. Kila moja lina kiambishi cha Kiswahili mbele na shina la Kiingereza nyuma.

Anayehesabu atasema kwamba maneno manne kati ya 23 ni kasoro ndogo. Anayesoma ataona kwamba hayo manne ndiyo vitenzi vinavyobeba taarifa yote: mtoto hachezi, mama amejaribu jambo, hasikii kitu, na anauliza kama angoje. Kitabibu, mama mwenye mimba ya wiki 32 ambaye mtoto wake ameacha kucheza tumboni hapaswi kungoja kliniki ya Ijumaa. Anatakiwa kwenda kituo cha afya mara moja. Uamuzi huo wote umeshikiliwa na silabi mbili, "ha" na "si".

4.0 Njia mbili zinazopotea

Njia ya kwanza ya usanifu ni ya kutambua lugha, kisha kutafsiri. Ujumbe hupitishwa kwanza kwenye kitambuzi cha lugha, na ukionekana kuwa wa Kiswahili hutafsiriwa kwa Kiingereza, hujibiwa kwa Kiingereza, na jibu hurudishwa kwa Kiswahili. Kitambuzi kinachotumika sana ni `lid.176` cha fastText, ambacho kinajua lugha 176 na hutoa kitambulisho kama `__label__sw` au `__label__en` kwa matini nzima pamoja na kadirio la uhakika. Kwa ujumbe ulio hapo juu, hakuna jibu sahihi miongoni mwa majibu 176. Kitambuzi kinaweza kusema Kiswahili, na kwa maana fulani kitakuwa kimesema kweli. Ila mtafsiri atakayepokea ujumbe akidhani ni Kiswahili kitupu atakutana na "hamove", neno asilolijua, na atalikisia au atalitupa. Likitupwa, kinachobaki ni "mtoto tangu jana", ambacho hakisemi kitu.

Njia ya pili ni ya kutafuta maneno muhimu. Msanifu huandaa orodha ya mashina, kama "bleed", "move", "feel" na "pain", kisha huamuru programu iyatafute popote yalipo, hata ndani ya neno refu zaidi. Njia hii huonekana kufaulu, kwa sababu inalipata "move" ndani ya "hamove". Kumbe hapo ndipo ilipo hatari kubwa kuliko ya kwanza. Programu iliyoondoa kiambishi na kubaki na shina imesoma hivi: mtoto, kucheza, tangu jana, kusikia, kitu. Ujumbe wa hofu umegeuka kuwa ujumbe wa furaha. Njia ya kwanza ilipoteza maana. Ya pili imeigeuza, na iliyogeuzwa haijulikani kuwa imegeuzwa, kwa kuwa jibu litakalotolewa litakuwa na ufasaha wote.

5.0 Kiunzi kwanza, shina baadaye

Makosa yote mawili yanatokana na dhana kwamba neno haligawanyiki. Wanaisimu waliwahi kushika dhana inayokaribiana na hiyo. Mwaka 1980 Shana Poplack, akitumia data za Kihispania na Kiingereza, alipendekeza kwamba badiliko la lugha halitokei kati ya mofimu tegemezi na shina, isipokuwa shina hilo limetoholewa kifonolojia. Data za lugha za Kibantu zililitia kanuni hiyo mashakani. Carol Myers-Scotton, katika kitabu chake Duelling Languages cha mwaka 1993 ambacho data zake nyingi zilitoka Nairobi, alionyesha kwamba katika sentensi iliyochanganywa lugha mbili hazina hadhi sawa. Moja hutoa kiunzi, yaani mpangilio wa maneno na mofimu za kisarufi. Nyingine hupachikwa humo kwa mashina yake ya kimaana.

Ujumbe wa mama unathibitisha hoja hiyo. Katika "clinic ya Friday" maneno ya kimaana yote mawili ni ya Kiingereza, lakini kiunganishi ni "ya", nacho kimefuata upatanisho wa ngeli kana kwamba neno la kwanza ni la Kiswahili tangu zamani. Kiunzi ni cha Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho.

Kwa hiyo roboti inapaswa kusoma kiunzi kwanza. Kitenzi cha Kiswahili kina nafasi zinazojulikana na kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza: ukanushi, kiima, njeo, yambwa, kisha shina. Nafasi hizo ni chache na viambishi vyake vinahesabika, ilhali mashina ya Kiingereza yanayoweza kupachikwa hayana mwisho. Mpangilio wa nafasi hizo unaweza kuandikwa kwa mistari michache ya lugha ya Python:

```python
import re
KIUNZI = re.compile(
    r"(?P<kanushi>ha|si)?(?P<kiima>ni|tu|wa|u|m|a|i)?"
    r"(?P<njeo>na|li|me|ta|ja|ku)?(?P<yambwa>ni|ku|tu|wa|m)?"
    r"(?P<shina>move|feel|try|wait|call)")
KIUNZI.fullmatch("hamove").groupdict()
```

Mstari wa mwisho unarudisha "ha" katika nafasi ya ukanushi na "move" katika nafasi ya shina. Nafasi nyingine zote zinabaki tupu. Orodha ya mashina mwishoni si pambo. Bila orodha hiyo programu ingechukua "m" ya "move" na kuifanya kiima cha nafsi ya pili wingi, kama katika "hamji", na shina lingekuwa "ove". Kwa kuwa "ove" haimo katika orodha, programu inalazimika kurudi nyuma na kukata upya. Kiunzi cha Kiswahili na kamusi ya Kiingereza hukaguana. Kimoja peke yake hakitoshi.

Mipaka ya njia hii nayo ionekane. Neno "await" ni la Kiingereza, lakini mwandishi wa ujumbe anaweza kuliandika akimaanisha "a-" na "wait", yaani "asubiri". Neno "wake" ni kimilikishi cha Kiswahili na pia kitenzi cha Kiingereza. Aidha watu hufupisha tahajia wanavyopenda, hata "wait" ikawa "w8". Orodha ya mashina itahitaji kukuzwa kila siku kutokana na ujumbe halisi, na kila neno lenye masomo mawili lihifadhiwe na masomo yake yote mawili hadi sentensi nzima iamue.

6.0 Irabu iliyopotea

Kuna ugumu mwingine ambao hauondolewi na orodha yoyote, nao unawahusu zaidi watu wa sarufi kuliko watu wa kompyuta. Katika kitenzi cha asili ya Kibantu, ukanushi wa wakati uliopo huonyeshwa mara mbili: kwa kiambishi awali na kwa irabu ya mwisho. Husemwa "hachezi", si "hacheza". Shina la Kiingereza halipokei irabu hiyo. "Hamove" inabaki na alama moja tu ya ukanushi, nayo ni ile ya mbele.

Matokeo yake huonekana wazi katika neno kama "hakucall". Katika Kiswahili cha kawaida, "hakupigi" ni kwamba hana desturi ya kukupiga wewe, na "hakupiga" ni kwamba hakufanya tendo hilo wakati uliopita. Irabu ya mwisho ndiyo hutenganisha "ku" ya yambwa na "ku" ya njeo. Pakiwekwa "call", irabu hiyo haipo, na neno moja linabeba maana mbili: hakupiga simu, au hakupigii simu wewe. Programu iliyoandikwa hapo juu itachagua njeo bila kusita, kwa sababu nafasi ya njeo imetangulia nafasi ya yambwa katika mpangilio. Haitasema kwamba ilikuwa na chaguo jingine. Programu iliyosanifiwa vizuri ingetoa masomo yote mawili na kuacha muktadha uchague.

Wapo watakaosema kwamba huu ni ushahidi wa lugha kuharibika. Ushahidi wa lugha yenyewe unakataa. Vitenzi vyenye asili ya Kiarabu, kama "jibu", "fikiri", "subiri" na "samehe", havibadili irabu ya mwisho tangu zamani. "Hakujibu" ina maana mbili zile zile, na Waswahili wameishi nayo pasipo madhara. "Move" na "wait" zimeingia kwa mlango uliokwisha kufunguliwa na "jibu" na "subiri". Kwa msanifu hili ni jambo la faida: haitaji kubuni sarufi mpya kwa ajili ya mchanganyiko. Anahitaji kuyaweka mashina ya Kiingereza katika kundi ambalo vitabu vya sarufi vimekwisha kulieleza.

7.0 Namna ya kugundua kosa

Roboti nyingi hupimwa kwa wastani: kati ya ujumbe elfu moja, mingapi imejibiwa sawasawa? Kipimo hicho huficha kosa lililojadiliwa hapa, kwa kuwa ujumbe mwingi huuliza mambo ya kawaida, kama chakula au tarehe ya kliniki, ambayo shina peke yake linatosha kuyaelewa. Roboti isiyoona ukanushi kabisa inaweza kupata alama za juu.

Fonolojia ina chombo kinachofaa zaidi, nacho ni jozi za mlinganuo finyu. Kama vile "pata" na "bata" huthibitisha kwamba "p" na "b" ni fonimu mbili, ndivyo jozi za ujumbe zinavyoweza kuthibitisha kama roboti inasikia kiambishi:

```
mtoto anamove tangu jana    /  mtoto hamove tangu jana
nimebleed leo               /  sijableed leo
nurse alinicall             /  nurse hakunicall
```

Roboti ikitoa jibu moja kwa pande zote mbili za jozi, imesoma shina tu. Jaribio hili halihitaji mashine kubwa wala fedha. Linahitaji mtu anayeijua sarufi, ambaye atatunga jozi mia moja kwa uangalifu, akibadili kiambishi kimoja kila mara na kuacha mengine yote yalivyo, kisha atahesabu jozi, si ujumbe mmoja mmoja. Upande mmoja ukijibiwa vyema na mwingine vibaya, jozi nzima imeshindwa. Hii ndiyo kazi ambayo idara ya Kiswahili inaiweza kuliko idara ya kompyuta.

Kanuni moja ya usalama iongezwe. Pale ambapo neno lenye shina la hatari halikukatika vizuri, au limekatika kwa njia mbili, roboti isijibu. Iulize swali fupi kwa Kiswahili kitupu, kwa mfano "Je, mtoto anacheza au ameacha kucheza?", na wakati huo huo ujumbe upelekwe kwa mtu. Kumsumbua muuguzi kwa ujumbe usio na hatari ni gharama ndogo kuliko kumfariji mama aliye hatarini.

8.0 Kutoka Nairobi hadi Yahuma

Je, roboti iliyosanifiwa hivyo ingemfaa mama wa Yahuma anayeandika ujumbe kwa muuguzi wa Kisangani? Kwa sehemu tu. Huku Kiswahili hakikukutana na Kiingereza bali na Kifaransa, na magharibi mwa Kisangani, Yahuma ikiwamo, Kilingala ndicho kinachotawala. Orodha ya mashina ya Nairobi haina kazi, na hilo ni jepesi kurekebisha. Viambishi navyo vina sura yake. Anayetafuta "mtoto" asipotegemea "mutoto" atapotea mapema.

Mawili ni magumu zaidi. Kwanza, vitenzi vingi vya Kifaransa huishia kwa sauti "e". Mtu akiandika kwa kufuata sikio, kitenzi cha kusogea kitakuwa "buje", na "abuje" itafanana na dhamira tegemezi ya Kiswahili, kama "acheze". Irabu ambayo kule Nairobi ilikosekana, hapa imekuja bila kualikwa. Dawa ni ile ile ya kuangalia nafasi: "anabuje" ina njeo, na dhamira tegemezi haichukui njeo, kwa hiyo "e" hiyo ni ya shina. Pili, Kilingala hukanusha kwa neno "te" mwishoni mwa kirai. Sentensi ikiazima ukanushi huo, roboti iliyozoea kuutafuta mbele ya kitenzi itakuwa imekwisha kuamua kabla haijafika mwisho.

9.0 Hitimisho

Uhakiki huu haukusudii kumzuia mama asichanganye lugha, wala kumtaka aandike Kiswahili sanifu huku akihesabu saa tangu mtoto alipocheza mara ya mwisho. Unamtaka msanifu aache kuuliza ujumbe ni wa lugha gani, aanze kuuliza kiunzi ni cha lugha gani, na nini kimewekwa katika kila nafasi yake. Roboti itakayoweza kutofautisha "anamove" na "hamove" mara mia katika jozi mia itakuwa imejua Kiswahili. Isiyoweza, hata ikiwa imesoma vipande milioni mia tatu, ibakie kupanga tarehe za kliniki.